Nywele za Doris

Jumatatu, 10 Machi
Daftari hili nililinunua Januari kwa ajili ya maandalio ya masomo, likabaki tupu. Sasa mvua zimeanza, umeme umekatika, na magoti yananiuma kiasi kwamba silali mapema. Bora niandike kuliko kukaa nikilisikiliza bati.

Leo zamu yangu imeanza, na zamu ya Jumatatu ni ukaguzi. Kucha, soksi, nywele. Miaka ishirini na nane nafanya kazi hiihii. Nilikuta vichwa kumi na tisa vyenye nywele ndefu, nikachukua mkasi nikamkata kila mmoja njia katikati, ili wakamaliziwe nyumbani. Na Doris wa darasa langu, la tatu, alikuwemo kwenye mstari. Yule ni mwenye ualbino, pekee hapa shuleni. Za kwake zilikuwa zimefika masikioni. Nikasema sheria ni ya wote, nikamkata, tena yeye nikamkata karibu zote kwa sababu mkasi ulishika vizuri. Hakulia. Alinyoosha mkono kuzishika zile zinazoanguka, nikamwambia atulie.

Mwalimu Fabian alipita na boksi lake la chaki, akanitania kwamba leo nimevuna dhahabu. Nikacheka.

Jumanne, 11 Machi
Mvua. Choo cha wasichana kimejaa maji. Nimeandika barua kwa Mwalimu Mkuu, ya tatu.

Jumatano, 12 Machi
Bibi yake Doris amekuja shuleni. Anaitwa Bernadetha, mjane kama mimi, ana kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, kule juu ya mfereji, na ndiye anayemlea mtoto. Mama yake Doris anafanya kazi za ndani Arusha. Baba alishaondoka wiki ile mtoto alipozaliwa, akidai huyo si wake, ni wa mzungu.

Nilidhani amekuja kugomba. Hakugomba. Alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu na mabuti yake yenye tope, akatusalimia wote, kisha akaniuliza jambo moja tu: nywele ziko wapi.

Sikumwelewa. Nikamwambia zimefagiliwa, ziko shimo la taka. Mwalimu mmoja akachekea kwenye kikombe cha chai. Bibi hakumwangalia. Alisema yeye humnyoa mjukuu wake mwenyewe, jikoni, juu ya khanga, na nywele na kucha huzichoma zote motoni mpaka harufu iishe. Hajawahi kuacha hata unywele mmoja kwa miaka tisa. Halafu akatoka kwenda shimoni.

Nilimfuata kwa aibu. Alichukua fito akafukua taka zote, mvua inamnyeshea, mimi nimemshikia mwavuli ambao haukumsaidia kitu. Tulizikuta nywele nyeusi, zimelowa, zimeshikana na maganda ya miwa. Za njano hatukuona hata moja. Akasimama kidogo, akashika kiuno. Kisha akaenda darasani, akamfunga Doris kitenge kichwani, wakaondoka.

Ofisini walikuwa bado wanacheka. Wakasema nywele ni nywele, zitakuwa zimepelekwa na maji. Mimi nilikaa. Hakuna Mtanzania asiyejua kwa nini mtu atake nywele za mtoto kama yule. Tumeyasikia kwenye redio tangu nikiwa mwalimu kijana: wachimbaji, wavuvi, waganga, na lile neno baya la mtaani, "dili". Ila nilidhani ni mambo ya kule mbali, kanda nyingine. Sisi huku mlimani ni watu wa kanisa na shule. Ndivyo tunavyojisemea.

Ijumaa, 14 Machi
Doris hajaja siku ya pili. Anayechoma taka ni Sirili, mlinzi. Nimemuuliza kama aliona kitu, akageuza uso akaenda kufunga geti ambalo lilikuwa limefungwa. Sirili hanipendezi hata siku moja. Haongei, haingii kanisani, na mtoto yule akipita yeye hutazama chini.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya misa nilikata sale kwenye ua wangu, nikalifunga fundo, nikapanda kwa Bibi Bernadetha. Kwetu ukimletea mtu jani la sale kumwomba msamaha hawezi kulikataa, hata kama umemuulia ng'ombe. Niseme ukweli: nilikuwa nategemea hilo. Nilichoka kubeba lile jambo tangu Jumatano, nikataka mtu anitue.

Alinikaribisha, akanipa kigoda, akanipa bakuli la mtori wa ndizi. Nikampa sale kwa mikono miwili. Akalipokea, akalichomeka ukutani juu ya mlango.

"Sale nimelipokea, mwalimu. Nimekusamehe. Mtoto sikupi."

Nikamwambia Doris atapoteza masomo. Akajibu masomo anaweza kuyapata akiwa hai.

Kisha akamwita Doris, akamfungua kitenge. Mungu wangu. Kile kichwa nilichokinyoa kilikuwa chekundu kama nyama, kina malengelenge, pengine pamepasuka. Jumatatu ile paredi ilichukua karibu saa nzima, na kofia haziruhusiwi wakati wa bendera. Lakini kulikuwa na wingu zito! Jua halikuonekana kabisa. Nilimwambia Bibi hivyo, kama mjinga. Akasema nesi ndiye aliyemwagiza amwachie nywele kidogo, zimkinge kichwa. Ndiyo maana zilikuwa ndefu.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimesamehewa, na ni vibaya zaidi.

Jumanne, 18 Machi
Nimeomba ruhusa, nimewasindikiza kliniki ya ngozi mjini. Bibi alikubali kwa sababu Doris alikuwa hawezi kulalia upande wowote.

Nesi anaitwa Mwanaasha, wa Majengo, mwanamke mfupi, mkali kidogo. Yuko kwenye mfungo na anafanya kazi tangu alfajiri, lakini hakuharakisha. Alimsafisha mtoto kichwa, akampa dawa, akamkagua mikono, shingo, nyuma ya masikio, midomo. Kwenye masikio alipapasa sehemu mbili zilizo kama msasa, akasema hizo ndizo za kuangalia, daktari atazigandisha kwa hewa ya baridi kali zitoke, kwa sababu zikiachwa ndizo zinazogeuka saratani. Akaniambia wengi wanaopotea hawauawi na mapanga, wanauawa na ngozi, taratibu, wakiwa na miaka thelathini, na watu wanasema ni kawaida yao.

Kuhusu wingu nilimuuliza. Akasema hilo ndilo kosa la watu wa mlimani. Miale inayounguza inapita kwenye wingu, na huku juu ni mikali kuliko bondeni. Wazazi wengi huvua watoto kofia masika nzima kwa sababu hawaoni jua. Kwa hiyo: kofia yenye ukingo mpana pande zote, siyo kepu inayoacha masikio. Mikono mirefu. Losheni ya kukinga jua nusu saa kabla ya kutoka, na kurudia mchana, ipakwe ya kutosha, siyo kupunguzwa ili ikae mwezi mzima. Mafuta ya mgando hayakingi kitu.

Kisha akaniuliza Doris anakaa wapi darasani. Nikasema dirishani, penye mwanga. Akafumba macho kidogo.

"Mwanga ndio unaomuumiza, mwalimu. Na ubaoni haoni. Wewe ulidhani anaona?"

Nilidhani mvivu. Hilo naliandika hapa kwa sababu sikuweza kulisema pale. Macho yake yanachezacheza, nikadhani ananikwepa. Anakopi sentensi mbili wenzake wakiwa wamemaliza ukurasa, na mwaka jana nilimchapa kwa hilo, fimbo mbili mkononi. Akili yake haina tatizo hata chembe. Nesi alimpa karatasi yenye maandishi makubwa aisogeze karibu na pua, akasoma moja kwa moja bila kukwama. Miwani itasaidia kidogo tu, haitamaliza. Kinachotakiwa ni akae mbele katikati, mgongo kwa dirisha, niandike makubwa kwa chaki inayokoza, na kila ninachoandika nikisome kwa sauti. Basi. Kazi ya bure kabisa, na sikuifanya kwa miaka.

Mwisho Bibi akamweleza habari ya nywele. Nesi akaacha kalamu. Akaniuliza nimeripoti wapi. Nikasema kwa Mwalimu Mkuu. Akasema hapana, ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kama siwezi kufika nipige 116, ni bure. Anayeanza na nywele anajaribu mlango. Mlango ukifunguka, atarudi.

Nikaahidi.

Alhamisi, 20 Machi
Sijaripoti. Mwalimu Ebenezeri, Mkuu wetu, anasema tusubiri, shule itachafuka jina, na ushahidi hakuna. Mvua haijakatika siku nne. Nguo hazikauki.

Jumatatu, 24 Machi
Nesi Mwanaasha amekuja kufundisha kuhusu ualbino, walimu kwanza, kisha wanafunzi. Nilimwomba mimi, Mwalimu Ebenezeri akakubali shingo upande.

Aliwaambia watoto waulize lolote, hakuna kucheka. Wakauliza. Kweli hawafi, wanapotea tu? Mama mjamzito akimwona atazaa hivyo? Ukimgusa unaambukizwa? Ni kweli damu yao siyo yetu? Yote wameyatoa majumbani kwetu, mengine nimeyasikia mezani kwangu. Akawachorea ubaoni: baba mweusi ana mbegu moja iliyofichika, mama mweusi ana moja, wote hawajui, mtoto akizipata zote mbili mwili wake hautengenezi rangi. Hakuna laana, hakuna mzungu, mama hakukosea. Na hufa kama mtu yeyote, huzikwa kama mtu yeyote. Akawafundisha waseme mtu mwenye ualbino, siyo yale majina mengine.

Mwalimu Fabian ndiye aliyetoa shukrani. Alizungumza vizuri mno. Alisema mtoto ni mtoto. Nilishukuru kuwa na mtu kama yeye shuleni. Marehemu mume wangu Rogath alipozidiwa, Fabian ndiye aliyembeba mgongoni kutoka kihambani mpaka barabarani, kwenye tope kama hili. Sijasahau wala sitasahau.

Sirili alisimama nje ya dirisha muda wote, mvuani. Nikamwandika moyoni.

Ijumaa, 28 Machi
Nataka niandike kwa utaratibu.

Saa nane mchana nilikuwa nasahihisha, kalamu nyekundu ikaisha wino. Fabian alikuwa uwanjani na mpira. Nikavuta droo yake, tumezoeana, hata yeye huvuta yangu. Hakukuwa na kalamu. Kulikuwa na boksi la chaki. Nikalifungua. Ndani palikuwa na kifuko cha nailoni, kile cha kufungia chumvi, kimefungwa fundo, na ndani yake nywele za Doris.

Nilizitambua. Ni mimi niliyezikata.

Nilitia boksi kwenye mkoba wangu. Sikujua nifanye nini kingine. Fabian aliporudi, anajifuta jasho, nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba nimeliona. Hakukana. Akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha wanafunzi, akawa mdogo ghafla.

"Ni nywele tu, Mwalimu Aikaeli. Zinaota tena. Sijamgusa mtoto."

Akasema ni kaka yake, yuko machimboni mwaka wa sita, hajapata jiwe, ameuza shamba, mke amemkimbia. Kuna mtaalamu kamwambia alete nywele. Kaka akampigia simu akilia. Yeye mwenyewe haamini mambo hayo, aliniapia. Lakini ndugu akilia ufanyeje? Akaziona chini, nilipozikata, akaokota. Hata hajazipeleka, dhamiri imemkataza. Akanikumbusha Rogath, kwa upole, hakunikumbusha kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningejua la kumjibu.

Boksi nimekuja nalo nyumbani. Liko mezani. Nimelifunika kwa sahani.

Jumamosi, 29 Machi
Sikutoka. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumapili, 30 Machi
Wameniwahi. Fabian aliwachukua wazee wawili wa ukoo na mzee wa kanisa, wamepanda kwa Bibi Bernadetha na sale na pombe, wameomba msamaha. Mwalimu Ebenezeri ndiye aliyeniletea habari, amefurahi karibu alie. Bibi amepokea sale, jambo limekwisha. Nirudishe boksi, Bibi azichome, tusonge mbele. Akasema nisiwe mtu wa kuvunja ukoo wa watu.

Niliketi kwenye ngazi baada ya yeye kuondoka. Mimi ndiye niliyeanza. Mimi ndiye niliyepeleka sale la kwanza nikidhani jani linamaliza kazi. Nimechoka, jamani. Nimebakiza miaka minne nistaafu. Ningependa iishe.

Jumatatu, 31 Machi
Idd. Hakuna shule. Nilimpigia Nesi Mwanaasha, nikaomba radhi kwa kumsumbua sikukuu. Nyuma yake watoto wanapiga kelele, sahani zinagongana. Nikamweleza yote, nikamwambia bibi mwenyewe amesamehe.

Hakunigombeza. Aliuliza: huyo mtaalamu wa machimboni, yeye ameletewa sale? Kaka mtu je? Wamejua jina la mtoto, shule, na njia anayopita?

Akasema kesho saa tatu atanisubiri mlangoni kwa polisi, amevaa baibui la kijani.

Jumanne, 1 Aprili
Nimeandika maelezo Dawati la Jinsia na Watoto. Askari ni mama mtu mzima, mtaratibu. Alilitia boksi kwenye bahasha, akaandika tarehe, akanisainisha. Mwanaasha alikaa pembeni yangu.

Nilipofika nusu, nani ameingia? Bibi Bernadetha, na mabuti yake. Kumbe Mwanaasha alimpigia naye. Nikaona nimeumbuka, nikadhani amekuja kufuta. Askari alimuuliza ni kweli amepokea sale la mtuhumiwa na kumsamehe. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Nimemsamehe. Moyoni mwangu hana deni. Lakini sale ni la kwangu na yeye. Mtoto hajaombwa, na hao wengine hawajaja. Andika, mama."

Akaweka kidole gumba kwenye wino. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuyafanya yote mawili. Umri wote huu.

Alhamisi, 3 Aprili
Fabian amechukuliwa. Ofisini hakuna anayenisemesha. Leo chai imemiminwa, kikombe changu kimerukwa.

Jumanne, 8 Aprili
Askari yule mama ameniita, ameniambia kiasi anachoweza. Kaka naye ameshikwa, mganga anatafutwa. Kwenye simu ya Fabian kulikuwa na ujumbe wa kaka yake, wa tarehe 26 Machi. Unasema mtaalamu ameshasema nywele peke yake hazitatosha. Unauliza yule mtoto hutoka shule saa ngapi, na hupita na nani.

Nilimuuliza askari: Fabian alijibu nini?

Hakuwa amejibu. Wala hakuwa amekataa.

Tarehe 26. Siku mbili baada ya kutoa shukrani. Na mimi nilikuwa bado "nasubiri". Nimerudi na basi nikakaa kiti cha nyuma nikalia, mama mmoja akanipa tishu bila kuuliza.

Ijumaa, 11 Aprili
Kikao shuleni: afisa ustawi wa jamii, nesi, mtendaji wa kijiji, Mwalimu Mkuu, Bibi, mimi. Mtendaji alipendekeza Doris apelekwe shule ya bweni mbali, zile zenye ukuta, atakuwa salama. Mwalimu Ebenezeri aliunga mkono haraka, ili tatizo liondoke. Nikaona Bibi anakunja khanga yake mapajani, anakunja, anakunjua.

Afisa ustawi akasema kumwondoa mtoto kwao ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Wapo waliopelekwa hivyo wakakua bila kuwajua mama zao. Hatari ikiwa hapa, tuifanyie kazi hapa. Ikaandikwa: Doris hatembei peke yake, anatembea na watoto watatu wa njia ile, na mtu mzima mmoja. Anasainiwa kuingia na kutoka. Anayeruhusiwa kumchukua ni Bibi au mimi, hata aje mtu na barua yenye muhuri, tunapiga simu kwanza. Hapigwi picha, hata na wafadhili, na habari zake hazitumwi kwenye makundi ya simu. Majirani wa njiani wana namba ya mtendaji na ya Dawati. Kofia inavaliwa wakati wote, hata wakati wa bendera. Ukaguzi wa nywele kwa mkasi umefutwa kwa wanafunzi wote, siyo yeye tu, asije akaonekana mfalme.

Ikabaki kumpata mtu mzima wa kutembea naye. Sirili alikuwa amesimama mlangoni na rungu lake. Akasema ataenda yeye.

Nilipinga. Mbele ya watu wote nikauliza kwa nini alikataa kuniambia kuhusu shimo la taka. Sirili akatazama chini, kama kawaida yake. Akasema alimwona Mwalimu Fabian akiinama kuokota zile nywele, lakini nani angemwamini mlinzi dhidi ya mwalimu? Halafu akasema alikuwa na dada wa namna hiyo. Alikufa kwa ngozi, siyo kwa watu. Walimzika ndani ya nyumba na kummwagia zege juu, ili asifukuliwe. Akimwona Doris hawezi kumtazama.

Nilimwomba radhi. Sikumpelekea sale. Nilimwomba kwa mdomo tu, kisha nikamsaidia kutafuta koti la mvua.

Jumanne, 22 Aprili
Pasaka imepita. Doris amerudi. Kiti cha mbele, katikati. Nimesoma kwa sauti kila nilichoandika, koo linaniwasha. Amemaliza kukopi wa saba. Kati ya sitini na wawili!

Jumatano, 23 Aprili
Mvua. Wa tano.

Jumatatu, 5 Mei
Daktari amezigandisha zile mbili za masikio. Doris anasema inauma kama barafu iliyokasirika. Losheni inatengenezwa hapahapa Moshi, amepewa chupa kubwa. Mchana tunaipaka pamoja, mimi nampaka shingo. Wenzake wanazozana nani amshikie kofia.

Jumatano, 14 Mei
Mke wa Fabian amekutana nami njiani, amevuka upande wa pili. Sijamlaumu. Nilikwenda kumpelekea ndizi jioni, nikaziacha mlangoni. Mtu aliyembeba mume wangu ndiye huyohuyo ambaye hakukataa. Nimejaribu kumgawa mara mbili, nashindwa. Kesi itasikilizwa Juni na nimeitwa shahidi.

Alhamisi, 22 Mei
Mfereji umefurika. Sirili amembeba Doris kuvuka, kofia ikiwa kichwani. Amerudi amelowa mpaka kifuani.

Jumamosi, 31 Mei
Mvua zimekatika. Asubuhi mlima ulionekana wote, mara ya kwanza tangu Machi.

Bibi Bernadetha aliniita. Nikadhani ni habari ya shule, wiki ijayo tunafunga muhula. Nilimkuta jikoni, moto unawaka, khanga imetandikwa chini, Doris amekaa katikati. Nywele zimeota vizuri, zimefunika masikio. Bibi akanionyesha vidole vyake. Baridi ya masika imevikunja, mkasi haviushiki. Nesi amesema zipunguzwe kidogo tu, ncha, zibaki za kukinga kichwa.

Akanipa mkasi.

Nilimwambia sitaki, Bibi. Tafuta mwingine. Akasema wengine hawajawahi kukosea, hawataogopa vya kutosha.

Basi nikakata. Polepole, kidogo kidogo, mkono mmoja unakata na mwingine unapokea. Doris alinyoosha kiganja chake chini ya changu kama alivyofanya siku ile ya Machi, na safari hii sikumwambia atulie. Nikamaliza, nikakunja khanga kwa pembe nne, nikaikung'utia motoni. Ikanuka ile harufu. Tukakaa tukiisikia mpaka ikaisha.

Nikainuka, maana magoti. Doris akasogeza uso karibu kabisa na sakafu, macho yanachezacheza, akapapasa udongo kwa vidole.

"Mwalimu, umeokota zote?"

Nikasema nadhani. Akaendelea kupapasa. Nikapiga magoti tena, nikaanza kutafuta naye.